Milioni 2 kwa riba ya asilimia 9 itafika milioni 4 baada ya miaka mingapi? Logi zangu zinanipa jibu lisiloingia akilini

Mama_Nuru
Habari za jioni wakuu. Msimu huu nimeuza viazi nikabaki na shilingi milioni 2 ambazo sitaki kuzigusa. Mwanangu yuko darasa la kwanza, na nataka pesa hiyo iwe imefika milioni 4 kabla hajamaliza sekondari. Benki wamenipa riba ya asilimia 9 kwa mwaka kwenye akaunti ya muda maalumu. Nilipouliza itachukua muda gani kufika mara mbili, dada wa kaunta aliniambia kama miaka 11. Jirani yangu anasema ni 8. Kwa mtu anayepanga ada, miaka mitatu si kitu kidogo.

Nikafukua daftari langu la kidato cha pili, nikajaribu mwenyewe kwa logi:

```
2000000 × 1.09^n = 4000000
n × log(2180000) = log(4000000)
n = 6.602 / 6.338 = 1.04
```

Yaani mwaka mmoja na wiki mbili, jambo ambalo haliwezekani. Nikarudia, safari hii nikagawa kwanza kwa milioni 2 nikabaki na 1.09^n = 2. Nikabonyeza logi ya 2 gawa kwa 1.09, ikaja 0.26. Naomba mnioneshe ninapokosea, na kati ya 8 na 11 nishike ipi.

Kaka_Mahesabu
Dada, achana na logi, unajitesa bure. Chukua 72 gawa kwa riba. 72 gawa kwa 9 ni 8. Basi. Ukitaka mara tatu, ongeza nusu ya 72, inakuwa 108, gawa kwa 9 unapata miaka 12. Wafanyabiashara wote tunatumia hii.

Mwl_Mstaafu
Mama Nuru, daftari lako lina kosa moja tu, ila limekaa mahali pabaya. Tazama mstari wa pili. Kipeo n kimekaa juu ya 1.09 peke yake. Wewe umezidisha milioni 2 na 1.09 kwanza, ukapata 2,180,000, kisha ukapandisha kipeo juu ya yote. Ni kama kusema kila mwaka benki inachukua shilingi zako milioni mbili inazizidisha kwa shilingi milioni mbili nyingine. Ndiyo maana mwaka mmoja na kidogo ulitosha kufika milioni 4.

Jaribio lako la pili lilianza vizuri kabisa. 1.09^n = 2 ndiyo mlinganyo wenyewe. Hapo milioni 2 imeshatoka, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu aliyeweka laki mbili na aliyeweka milioni 200 wanasubiri muda uleule kwa riba ileile. Kilichokuponza ni kikokotoo. Kiligawa 2 kwa 1.09 ndani ya mabano, kikapata 1.835, ndipo kikatafuta logi yake, 0.26. Unachotakiwa kugawa ni logi kwa logi. Funga mabano kila mara:

```
n = log(2) / log(1.09)
n = 0.3010 / 0.03743
n = 8.04
```

Nikiwa darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi waione kama safari. Pesa inakua kwa kuzidishwa: mara 1.09, tena mara 1.09, tena. Kuzidisha kunachosha kuhesabu. Ukihamia kwenye logi, kila kuzidisha kunageuka kuwa kujumlisha, kwa hiyo kila mwaka ni hatua moja yenye urefu wa 0.03743. Safari nzima ya kufika mara mbili ina urefu wa 0.3010. Hatua ngapi zinatosha? Nane na punje.

Na kila upatapo jibu, lirudishe kwenye mlinganyo. Ukiweka 1.04 kwenye 2000000 × 1.09^n unapata kama milioni 2.19. Iko mbali na milioni 4, basi jibu ni bovu. Ukiweka 0.26 hata milioni 2.05 haifiki.

Mama_Nuru
Mwalimu shikamoo, na asante sana. Ile picha ya hatua imeniingia kabisa. Swali moja: kwenye kikokotoo kuna `log` na `ln`. Nikitumia `ln` nitapata jibu jingine?

Mwl_Mstaafu
Marahaba mama. Jibu ni lilelile. Kwa `ln` utaona 0.6931 juu na 0.08618 chini, tarakimu tofauti, lakini ukigawa inakuja 8.04. Urefu wa safari na urefu wa hatua vyote vimebadilishiwa kipimo kwa pamoja. Usichanganye tu, juu `log` na chini `ln`.

Kaka Mahesabu, 72 yako nakubali inafaa kichwani, na kwa riba za karibu na asilimia 8 au 9 inapiga karibu sana na ukweli. Lakini mara tatu umekosea. Logi ya 3 ni 0.4771, gawa kwa 0.03743 ni miaka 12.75, si 12. Kuongeza nusu ya muda hakukupeleki kwenye mara tatu. Miaka 12 inakupa mara 2.81 tu. Unachoweza kufanya kwa 72 ni kurudia kuzidisha kwa mbili: mara nne ni vipindi viwili, miaka 16. Halafu riba ikiwa kubwa, 72 inayumba. Kwa asilimia 30 inakuambia vipindi 2.4 wakati logi inasema 2.64.

Kaka_Mahesabu
Mwalimu hapo kwenye mara tatu nimekuelewa. Ila kwa swali la dada bado 8 ni 8.

Mhasibu_Ilala
Samahanini, nadhani dada wa kaunta hajakosea kama tunavyomchukulia. Nimefanya kazi na akaunti hizi miaka mingi. Kwenye akaunti ya muda maalumu kuna kitu kinaandikwa kwenye fomu ambacho wateja wengi hawakisomi: mwisho wa mwaka riba inaenda wapi? Ikiwa inahamishiwa kwenye akaunti yako ya kawaida, basi ile milioni 2 inabaki milioni 2 daima. Kila mwaka unapata 180,000, haizidi. Hapo 1.09 haijirudii, hakuna kipeo, na logi haihusiki kabisa. Unagawa tu milioni 2 kwa 180,000, miaka 11.1. Ndiyo 11 ya kaunta.

Ile 8.04 ya mwalimu inadai sharti kwamba riba inaunganishwa na mtaji na vyote vinawekwa upya. Ni lazima uagize hivyo kwa maandishi. Kwa hiyo 8 na 11 zote ni sahihi, ni majibu ya maagizo mawili tofauti.

Jambo la pili, kodi ya zuio. Hapa Tanzania benki inakata asilimia 10 ya riba kabla hujaiona. Asilimia 10 ya 9 ni 0.9, kwa hiyo kinachoingia kweli ni asilimia 8.1. Namba inayojirudia ni 1.081, si 1.09:

```
n = log(2) / log(1.081)
n = 0.3010 / 0.03383
n = 8.90
```

Kodi inayoonekana ndogo imekula karibu mwaka mzima.

Mama_Nuru
Kaka, hili la fomu ndilo limenishtua. Fomu ninayo hapa, wameweka alama kwenye "riba ilipwe akaunti ya mteja". Sikuichagua mimi, ilikuja imejazwa. Kwa hiyo nikiacha hivi nangoja miaka 11?

Mhasibu_Ilala
Zaidi ya hapo dada, maana kodi inakatwa hata kwenye hiyo 180,000. Unabaki na 162,000 kwa mwaka, na milioni 2 gawa kwa 162,000 ni miaka 12.3. Nenda wakubadilishie maagizo.

Na usiisome 8.90 kama miezi. Riba inaunganishwa mara moja kwa mwaka, pesa inapanda kwa ngazi. Mwisho wa mwaka wa 8 utakuta kama 3,729,000. Mwisho wa mwaka wa 9 utakuta kama 4,031,000. Ukivunja mkataba katikati ya mwaka wa tisa, benki nyingi zinapunguza riba au zinaifuta. Kwako desimali yoyote ipandishe: jibu ni miaka 9.

Shangazi_Tabora
Wanangu nimefuata hadi hapa. Mimi siweki mara moja, naweka 100,000 kila mwisho wa mwezi, riba ileile ya 9 lakini inaunganishwa kila mwezi. Na mimi nataka milioni 4. Kwa hiyo nangoja miaka 8 pia?

Mwl_Mstaafu
Hapana shangazi, wako ni mlinganyo mwingine. Laki ya mwezi wa kwanza inazaa muda mrefu, laki ya mwezi wa mwisho haijazaa chochote, kwa hiyo huwezi kuzikuza zote kwa kipeo kimoja. Ila logi inarudi mwishoni. Riba ya mwezi ni 9 gawa kwa 12, yaani asilimia 0.75. Zidisha lengo lako kwa 0.0075, unapata 30,000. Gawa kwa laki yako ya kila mwezi, 0.3. Ongeza 1. Sasa una

```
1.0075^n = 1.3
n = log(1.3) / log(1.0075) = 35.1
```

Mwezi wa 35 utapungukiwa na kama 15,000, mwezi wa 36 utapita. Ungeweka chini ya godoro ingekuwa miezi 40. Hapo sijaingiza kodi, ukiiingiza inasogea kidogo. Na hapa usishangae kwamba riba imesaidia miezi minne tu, kazi kubwa inafanywa na laki zako.

Kaka_Mahesabu
Swali kwa mhasibu. Logi zote hizi zinachukulia asilimia 9 kwa miaka tisa mfululizo. Benki gani inafunga riba miaka tisa?

Mhasibu_Ilala
Mimi sijawahi kuona. Mikataba niliyoishughulikia ni ya mwaka mmoja, miwili, na ukiweka upya unapewa riba ya siku hiyo. Ikishuka, hatua zinakuwa fupi. Mfano, miaka minne ya kwanza kwa 8.1 halisi inakupeleka mara 1.3655. Ikishuka hadi 6 halisi, kilichobaki ni 2 gawa kwa 1.3655, kama 1.465. Logi yake gawa kwa logi ya 1.06 ni miaka 6.55. Jumla 10 na nusu, yaani unangoja mwaka wa 11. Unahesabu upya kila unaposaini.

Kuna anayeelekeza watu kwenye hati fungani za serikali kwa sababu zinafunga riba muda mrefu. Ni kweli inafungwa, lakini riba yake inalipwa kila miezi sita mkononi. Usipoinunulia kitu kingine, umerudi kwenye ile hesabu ya kugawa isiyo na logi.

Mama_Nuru
Nimetoka benki asubuhi hii. Maagizo yamebadilishwa, riba na mtaji vinawekwa upya pamoja, na nimeomba nakala yenye muhuri. Mkataba ni wa miaka miwili. Nimeuliza kama ndani ya miaka hiyo miwili riba inaunganishwa kila mwaka au inasubiri hadi mwisho, meneja akasema ataniangalizia. Mwalimu, ikiwa inasubiri hadi mwisho, namba inayojirudia inakuwa ipi, 1.081 au 1.162?

Mwl_Mstaafu
1.162, na kipeo sasa kinahesabu miaka miwilimiwili. Logi ya 2 gawa kwa logi ya 1.162 ni 4.62, pandisha iwe vipindi vitano, miaka 10. Mfuate meneja, usiache.