Nimeitwa mwizi wa petikeshi mbele ya madereva, kumbe mhasibu kaandika hela mara mbili

Keshia wa Sakina:
Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Niko kampuni ya watalii hapa Arusha, petikeshi, zile hela za matumizi madogomadogo ya ofisi, nashika mimi. Floti ni 300,000. Julai nilitumia 241,500: bodaboda na daladala 86,000, chai na maji 61,500, karatasi na wino 54,000, na 40,000 ya fundi kompyuta aliyekuwa anatudai tangu Mei. Tarehe 31 tulihesabu sanduku mimi na mhasibu, tukakuta 58,500. Jumlisha na hati zangu, unapata 300,000 kamili. Siku hiyohiyo zikatolewa benki 241,500, sanduku likajaa tena.

Kesho yake asubuhi, kabla sijatoa hata mia, bosi akaja na karatasi ya mhasibu inayosema petikeshi imebaki 58,500. Akafungua sanduku, akakuta 300,000. "Hizi nyingine umezitoa wapi? Unaombea hela usizozihitaji?" Akageuza ukurasa: "Na hii ofisi ndogo inakulaje 443,000 kwa mwezi?" Madereva wawili wamesimama pale wanasikiliza!

Nikaomba kuona leja. Hela zilipotoka benki, mhasibu alikrediti Benki akadebiti Gharama za Ofisi 241,500. Jioni akachukua jumla za safu za daftari langu, akadebiti Nauli, Chai, Vifaa na akaunti ya fundi, akakrediti Petikeshi 241,500. Nikamwambia umeandika mara mbili. Akanijibu: "Urari umekaa sawa, wewe ni keshia tu." Nimelia chooni.

Mtumishi wa Halmashauri:
Pole dada. Masurufu ni mabaya, usiporejesha kwa wakati wanakukata mshahara. Mimi nilienda Karatu siku nne, nikachelewa na hati, nikakatwa. Wewe ulirejesha lini?

Keshia wa Sakina:
Kaka, hayo ya kwako ni ya safari. Haya yangu ni ya kudumu, yanakaa sandukuni na kujazwa kwa kiasi kilekile kilichotumika. Sidaiwi kitu.

Kijana wa Moshi:
Uko sahihi, kaandika mara mbili. Asingeandika chochote hela zilipotoka benki. Daftari lako lingetosha.

Leja Safi:
Nusu umepata, mdogo wangu. Asipoandika, Benki itasoma 241,500 ambazo hazipo tena. Ilikuwa lazima aandike, ila debiti iende Petikeshi. Hela zimehama tu kutoka benki kwenda sandukuni, hakuna aliyekula kitu siku hiyo. Ulaji ulishafanyika ndani ya mwezi, na unaingia leja mara moja tu, kupitia jumla za zile safu.

Hoja ya urari haimsaidii, urari unalinganisha tu jumla ya debiti na jumla ya krediti za leja. Kila alichoandika kina debiti na krediti zinazolingana, kwa hiyo urari utakaa sawa hata kama akaunti ni ya uongo. Akiendelea hivi Agosti, mkatumia tuseme 250,000, leja ya petikeshi itasoma krediti 191,500. Sanduku la noti haliwezi kuwa chini ya sifuri, hapo hata bosi ataona.

Kusahihisha ni mstari mmoja: debiti Petikeshi 241,500, krediti Gharama za Ofisi 241,500. Petikeshi inarudi 300,000, gharama zinashuka hadi 201,500.

Kijana wa Moshi:
Mbona 201,500 wakati katumia 241,500?

Leja Safi:
Ile 40,000 ya fundi ni deni. Kama ankara yake iliingizwa Mei, gharama ilishahesabiwa huko. Ndiyo maana safu ile ya mwisho haipelekwi kwa jumla, kila kiasi kinakwenda kwenye akaunti ya mwenyewe.

Mama Ankara:
Kwetu hatuna leja ya petikeshi, daftari lenyewe ndiyo akaunti. Hili lisingetokea.

Leja Safi:
Lingetokea, ila mngelikamata mapema. Keshia angeshaandika 241,500 upande wa mapokezi ya daftari, mhasibu naye anadebiti Gharama. Debiti mbili, krediti ya benki moja, urari unapishana kwa 241,500 kamili.

Mama Ankara:
Sawa. Ila mimi ningemlaumu bosi kwanza, anasomaje karatasi bila kuita watu wote wawili?

Keshia wa Sakina:
Ankara ya fundi iliingizwa Mei, nimeiona. Nimempelekea mhasibu ule mstari mmoja. Kasema hagusi leja mpaka mkaguzi aje. Bosi naye kazuia kujaza floti mpaka huyohuyo mkaguzi aje, na hakuna aliyesema anakuja lini. Leo tarehe 12, sandukuni zimebaki 112,000, na madereva wanataka maji ya wageni kesho saa kumi na moja alfajiri.