Naomba ushauri: kufundisha utumwa, sheria au dhamiri?

Habari wanajamvi. Naandaa somo la kidato cha tatu hapa Ujiji: utumwa ulikujaje kuonekana dhuluma? Nimejaribu kwa tarehe: soko la Zanzibar kufungwa 1873, Wajerumani kutangaza huru watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905, Waingereza kuufuta Tanganyika 1922. Wanafunzi wanahitimisha kuwa ubaya ulianza serikali ilipokataza. Kumbe tangazo la Wajerumani lilimwacha mama mtumwa, mwanawe huru, nyumba moja! Na watoro hawakungoja sheria.

Je, nianze na watoro? Na neno “mtwana” kuwa tusi ni ushahidi wa dhamiri kubadilika? Nina shaka, maana tusi linamdharau mtumwa, siyo utumwa.