Fremu inayoanguka kwenye uga wa sumaku: mwongozo wa kusahihisha umewanyima vijana alama zao

Mkufunzi wa Jioni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Leo natoa povu, asiyependa fizikia apite kimyakimya.

Nafundisha tuisheni vijana wa PCM kidato cha sita. Wiki hii wamerudishiwa karatasi za mtihani wa utamilifu. Waliotunga sitawataja, wenyewe wanajijua. Kuna swali moja ambalo vijana wangu wazuri kabisa wamekatwa, na wale waliokariri fomula wamepata zote.

Swali liko hivi. Fremu ya mraba ya waya wa shaba, kila upande sentimita 10, masi gramu 20, ukinzani 0.0012 Ω. Imesimamishwa wima, upande wake wa chini ukiwa pale pale kwenye mpaka wa juu wa eneo lenye uga wa sumaku wa 0.10 T. Uga umelala mlalo na unapita katikati ya fremu. Eneo lina kina cha sentimita 30. Fremu inaachiwa ianguke.

Kipengele (b): "Tafuta kasi ya kikomo ambayo fremu inaifikia inapoingia kwenye uga." Mwongozo unasema v = mgR/(B²L²), jibu 2.35 m/s. Kipengele (c): fremu nyingine ya ukubwa ule ule, shaba ile ile, ila waya una eneo la mkato maradufu, je, kasi ya kikomo itakuwaje? Mwongozo unasema itakuwa maradufu "kwa kuwa masi imeongezeka maradufu".

Jamani!

Tuanze na (c), maana huko ndiko kosa liko peupe. Ukiongeza eneo la mkato mara mbili, masi inakuwa mara mbili, sawa. Lakini ukinzani je? Waya mnene unapitisha umeme kirahisi zaidi, ukinzani unashuka nusu. Kwenye fomula yao wenyewe kuna m na R zimekaa pamoja juu. Moja imepanda mara mbili, nyingine imeshuka nusu, zidisha uone. Kasi haibadiliki hata kidogo. Fremu nzito inavutwa chini kwa nguvu maradufu, lakini pia mkondo wake ni maradufu, kwa hiyo na kani ya kuizuia ni maradufu. Kijana wangu mmoja aliandika maneno hayo hayo, akapewa sifuri na mstari mwekundu juu yake.

Sasa (b). Kani ya kuzuia ipo tu wakati upande wa chini uko ndani ya uga na upande wa juu bado uko nje. Upande wa juu ukishaingia, pande zote mbili zinakata uga kwa kasi moja, volteji zake zinapingana kuzunguka fremu, mkondo unakwisha. Kwa hiyo breki inafanya kazi kwa sentimita 10 tu wakati wa kuingia. Haya, iondoe sumaku kabisa, acha fremu ianguke bure sentimita 10. Itakuwa na kasi ya 1.4 m/s. Uga unaivuta juu, hauisukumi chini. Fremu iliyoshikwa shati itafikaje 2.35 mahali ambapo fremu huru inaambulia 1.4?

Nimeuliza kwa simu, nimejibiwa "mwongozo ndio mwongozo".

Mwl Chaki

Mkufunzi, punguza jazba. Mimi nimesahihisha mitihani miaka mingi. Swali limeomba kasi ya kikomo, na kasi ya kikomo ni pale kani ya juu inapolingana na uzito. mg = B²L²v/R, unapata 2.35, kwisha habari. Kwamba fremu inaifikia au haiifikii ni falsafa.

Na kuhusu (c), kitu kizito huwa na kasi kubwa zaidi ya kikomo. Mtu mnene na mtu mwembamba wakiruka na miavuli inayofanana, nani anatangulia chini?

Mkufunzi wa Jioni

Mwalimu, soma swali tena: "ambayo fremu inaifikia inapoingia". Inaifikia! Hilo wameliandika wao.

Na mwavuli wako haubadiliki mtu akinenepa. Hapa mwavuli ni mkondo, na mkondo unategemea R, ambayo imebadilika pamoja na masi. Ungekuwa sahihi kama wangegundisha risasi ya uzito kwenye fremu bila kugusa waya. Hapo kweli m inapanda, R inabaki, kasi inapanda.

Dereva wa Kitonga

Mie sijafika kidato cha sita lakini nimeona "breki ya sumaku" nikaingia. Basi niliyokuwa naendesha zamani lilikuwa na ritada ya umeme kwenye propela shafti. Ukishuka Kitonga inashika vizuri kabisa, hata breki za mguu hazipati moto. Lakini gari likishaenda polepole ile kitu inalegea, lazima ukanyage breki ndipo lisimame. Fundi aliniambia imechakaa. Je, ndiyo mambo haya haya?

Koili Tupu

Dereva, fundi alikusingizia ubovu. Ndivyo zilivyo zote. Ritada ya umeme inazungusha sahani ya chuma mbele ya sumaku, mkondo unazaliwa ndani ya sahani, na mkondo huo ndio unaokuzuia. Mwendo ukipungua, mkondo unapungua, na breki inapungua. Ukisimama, hakuna mkondo na hakuna breki. Ndiyo maana hata fremu ya huyu mkufunzi haiwezi kusimama hewani ikaning'inia, maana ikisimama tu hakuna kinachoishikilia.

Sasa nirudi kwenye swali, maana nimeona mmegombana kabla ya kupiga hesabu yenyewe. Mchapuko wa fremu wakati inaingia ni g(1 − v/2.35). Kasi inapanda kuelekea 2.35 lakini taratibu, kwa muda bainifu wa mR/(B²L²), ambao kwa namba hizi ni sekunde 0.24. Suluhisho ni v = 2.35(1 − e^(−t/0.24)). Fremu inamaliza kuingia baada ya sekunde 0.16 hivi, na kasi yake wakati huo ni 1.14 m/s. Haijafika hata nusu ya kikomo. Hoja ya mkufunzi ya 1.4 ni sahihi, na jibu kamili ni hilo 1.14.

Kutoka hapo inaanguka huru, mchapuko g kamili, sentimita 20 nyingine mpaka upande wa chini uguse mpaka wa chini wa uga. Kasi inakuwa 2.28 m/s. Halafu upande wa chini unatoka, wa juu unabaki ndani, mkondo unarudi ukizunguka upande wa pili, na kani bado ni ya kwenda juu. Kwa 2.28 kani karibu ilingane na uzito, kwa hiyo wakati wa kutoka kasi inabaki karibu ile ile.

Mwl Chaki

Enhee! Kumbe 2.28 iko jirani kabisa na 2.35. Pengine ndiyo maana wametoa kina cha sentimita 30, mtunzi alikuwa anafikiria wakati wa kutoka.

Mkufunzi wa Jioni

Angefikiria hivyo angeandika "inapotoka". Tena kipengele (d) kinataka grafu ya kasi, na mwongozo umechora mstari ulionyooka mlalo kuanzia fremu ilipoingia yote mpaka ilipotoka. Yaani kwao fremu ikiwa ndani nzima bado ina breki. Flaksi haibadiliki, mkondo sifuri, breki inatoka wapi?

Mama Wawili

Samahani, mimi ni mzazi tu. Kwa hiyo swali lingekuwa sawa kama lingeandikwaje? Nauliza kwa sababu binti yangu naye amekatwa hapo.

Koili Tupu

Mama, ilikuwa rahisi sana. Wangeiachia fremu kutoka juu ya mpaka, sentimita 28 hivi. Ikianguka huru urefu huo inafika mpakani ikiwa na 2.35 m/s tayari, kani inalingana na uzito papo hapo, na inaingia kwa kasi isiyobadilika. Ukiiachia juu zaidi ya hapo, inaingia ikiwa inapunguza mwendo. Au wangeongeza uga. Kwa 1 T kikomo cha fremu hiyo hiyo ni kama sentimita 2.4 kwa sekunde, na inakifikia ndani ya sekunde 0.01 tu, karibu mara tu inapoingia.

Fundi Soda

Nyie wote mnaongelea karatasi. Mimi nafunga mota. Ukinzani wa 0.0012 Ω mtaupimia nini? Mita ya kawaida, nyaya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo mara mia. Na kona ya fremu lazima iunganishwe. Ukichomelea vibaya kiungo kimoja, kinaweza kuwa na ukinzani mkubwa kuliko shaba yote iliyobaki, halafu mseme sumaku ni mbovu. Kikiachia kabisa, fremu inaanguka kama jiwe, hakuna mkondo.

Pia hiyo ya "unene haujalishi" ni kwa waya mtupu. Waya wa plastiki mwembamba una plastiki nyingi kuliko shaba kwa uwiano, na plastiki ina uzito lakini haipitishi kitu. Huo utaanguka haraka zaidi.

Koili Tupu

Kweli kabisa, fundi. Fomula safi inatoka kwa waya mtupu usio na kiungo kibovu. Hapo urefu wa upande nao unajifuta pamoja na unene, inabaki densiti ya metali, ukinzani wake mahususi na uga: v = 16dρg/B². Kwa 0.10 T shaba inatoa 2.4 m/s na alumini 1.1. Wepesi wa alumini unazidi upungufu wake wa kupitisha umeme.

Mwl Chaki

Subiri, alumini inashuka polepole kuliko shaba, na shaba ndiyo inayopitisha umeme vizuri? Hilo sijalikubali bado. Ngoja nikae na kalamu.

Kwenye (c) basi, nimeelewa R inashuka. Lakini (b) naiachia 2.35. Mwanafunzi wa kidato cha sita hatatoa ile ya e^ kwa alama 4.

Mkufunzi wa Jioni

Hakuna aliyemtaka aitoe. Kijana wangu aliandika "haiwezi kufika, sentimita 10 hazitoshi", akaonyesha 1.4. Huyo ndiye amekatwa. Kesho napeleka barua. Kwa (c) nadai alama zote zirudi. Kwa (b) nitaomba wakubali 2.35 na pia wakubali aliyeonyesha kwamba haifikiwi.

Kinda wa PCM

Shikamooni. Mimi niliandika 1.4 lakini sikuonyesha chochote kuhusu kikomo, nilisahau tu kwamba kuna uga. Nami niwemo kwenye barua?