Tupeane uzoefu: rangi ya nywele na relaksa, nani alisoma boksi kwanza?

Msusi_Ngamiani
Wapendwa habari zenu. Nina saluni ndogo hapa Tanga na wateja wanaotaka rangi nyeusi siku moja kabla ya harusi hawaishi. Boksi linasema jaribu kwanza kwenye ngozi usubiri masaa 48, nikimwambia mtu hivyo anaona namfukuza, anaenda saluni ya jirani. Naomba mliowahi kudhurika na rangi au dawa ya nywele mtuambie ilianzaje, baada ya muda gani, na kwenye boksi kulikuwa kumeandikwa nini. Majina ya bidhaa acheni, sitafuti wa kulaumu, nataka nijue dalili.

BintiMkunazini
Dada yangu mimi yangu ilianzia mikononi sio kichwani. Nilichorwa piko ya harusi Unguja, ikatoka nyeusi tii, watu wakasifia. Wiki iliyofuata palepale palipochorwa ngozi ikainuka, yaani piko yenyewe imeshaanza kufifia lakini ukipitisha kidole unalisikia ua zima na kila jani lake, halafu vikatoka vilengelenge vya maji. Miguuni nilipakwa hina ya kawaida ya majani, nyekundu, huko hakukuwa na kitu chochote. Pakapona pakabaki alama nyeupe kwa muda, nikasahau.
Baadae sana nikapaka rangi nyeusi kichwani kufunika mvi. Usiku kikaanza kuwasha, kesho yake kope zimevimba, keshokutwa macho hayafunguki na nyuma ya masikio yanatoka maji ya njano. Daktari wa ngozi swali lake la kwanza lilikuwa "ulishawahi kupaka piko?" nikashangaa amejuaje.

Mzee_wa_Ndevu
Poleni. Suluhisho rahisi, nunueni ile iliyoandikwa haina amonia. Mimi ndevu napaka hiyo kila mwezi, hainuki wala haiwashi, kemikali hakuna.

Dawa_na_Ngozi
Mzee wangu shikamoo, hapo umepatia nusu. Amonia ndio inayonuka na kuchoma macho, kwa hiyo kuitoa ni nafuu kweli kwa mwenye kifua. Lakini iliyomfumba dada macho sio amonia. Geuza boksi lako, tafuta maandishi madogo yanayoanza na neno Ingredients, uone kama kuna p-Phenylenediamine, wengine wanaifupisha PPD. Ndiyo inayoleta weusi wa kudumu, na boksi la "haina amonia" linaweza kuwa nayo bila kudanganya mtu. Ukikuta Toluene-2,5-Diamine hiyo ni ndugu yake, wengi waliokataliwa na PPD wanakataliwa na hiyo pia.

Dada wa Mkunazini, daktari alijua kwa sababu piko nyingi ni unga wa rangi ya nywele uliokorogwa na maji au kuchanganywa na hina. Majani ya hina yenyewe hayatoi weusi ule. Ulaya rangi ya nywele ikishachanganywa hairuhusiwi kuzidi PPD asilimia 2, na hiyo ni ya kichwani tu, kuchora kwenye ngozi hairuhusiwi. Unga wa pakiti wa mtaani hauna hata orodha, na unakaa kwenye ngozi masaa. Mwili unaifahamu mara ya kwanza, ukikutana nayo tena unapigana, na ukishaikataa kwa kawaida hausahau.

Msusi_Ngamiani
Asante sana. Sasa kumbe niwe nauliza habari za piko kabla hata sijafungua boksi! Nielekeze hilo jaribio, maana kuna wanaopaka mkononi wakasubiri dakika 10 wakasema poa.

Dawa_na_Ngozi
Dakika 10 haitoi jibu, kwa sababu huu mzio unachelewa, unaanza kuonekana siku ya kwanza mpaka ya tatu. Soma karatasi ya ndani kwanza, maana kuna zinazosema paka rangi peke yake na zingine zinasema changanya kidogo na ile chupa ya pili, fuata ya kwako. Chukua tone, paka nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, eneo dogo kama sarafu, liache likauke, usiloweshe wala kufunika kwa plasta, na chupa zifunge vizuri. Angalia kesho, angalia masaa 48 yakitimia. Ukiona wekundu, muwasho, uvimbe au kilengelenge, osha, na hiyo rangi usiitumie kabisa. Na rudia kila mara, hata kama ni rangi ileile, maana aliyeivumilia miaka anaweza kuikataa mwakani.
Ila aliyeshadhurika kama huyu dada asijaribu nyumbani. Hospitali za ngozi wanabandika PPD kidogo iliyopimwa mgongoni na wanasoma wenyewe. Na jaribio la nyumbani likitoka safi bado sio hakikisho, linapunguza hatari tu.

MamaTwins_Likoni
Mimi nilifanya hivyo hivyo na bado niliungua jamani. Nilipaka dawa nyuma ya sikio siku mbili kabla, hakuna kitu, siku yenyewe kichwa kikaniungua utosini na juu ya masikio mpaka magaga. Na boksi liliandikwa no lye kabisa. Sasa huo mtihani una faida gani?

Msusi_Ngamiani
Mama, wewe ni relaksa sio rangi, si ndio?

MamaTwins_Likoni
Ndio, dawa ya kulainisha. Si kemikali zote tu?

Dawa_na_Ngozi
Pole mama. Relaksa ni habari nyingine, hailetwi na mzio mara nyingi, inaunguza. Yenye lye ina Sodium Hydroxide, ndio kostiki inayotengenezea sabuni. No lye ina Calcium Hydroxide kwenye kopo na Guanidine Carbonate kwenye kichupa, ukivichanganya unapata dawa kali pia, haina kostiki lakini ukali wake ni ileile familia. Ikikaa muda mrefu inamuunguza yeyote. Kwa hiyo naomba nikuulize, kabla ya hapo ulijikuna? ulikuwa umefumua rasta? uliosha kichwa?

MamaTwins_Likoni
Nilifumua rasta asubuhi, nikachana mba, nikaosha ndio nikapaka jioni.

Msusi_Ngamiani
Hapo mama! Ukucha na kitana vilishafungua ngozi. Mimi mteja akija amefumua siku hiyohiyo namrudisha, akija siku nyingine nampaka mafuta ya mgando kwenye ukingo na masikio, na akisema tu "inachoma" naosha, saa sijaiangalia.

Dawa_na_Ngozi
Umemaliza. Na usimpake rangi ya kudumu siku ile ile ya relaksa, ngozi iko wazi, mabingwa wengi wanasubiri angalau wiki mbili. Na kwa rangi, macho au midomo ikivimba au pumzi ikibana, osha kichwa kwa maji mengi na uende hospitali saa hiyo hiyo.

Mzee_wa_Ndevu
Nimegeuza boksi langu. Haina p-Phenylenediamine, lakini ya tatu kwenye orodha ni Toluene-2,5-Diamine. Na kweli nikipaka shingo inawasha siku mbili nilifikiri ni wembe.

Dawa_na_Ngozi
Mzee simamisha kwanza, mwone daktari wa ngozi na boksi mkononi.

BintiMkunazini
Na mimi nina swali bado. Binti yangu anataka kuchorwa piko ya harusi ya shangazi yake mwezi ujao, ana miaka 9. Hina ya majani tupu ipo, lakini mchoraji anasema anatia "kidogo tu" ili ikolee. Nani anajua namna ya kutambua kabla haijafika mkononi?

Msusi_Ngamiani
Mwambie alete pakiti. Hina ya majani inakaa masaa mengi na inatoka rangi ya machungwa kwanza, ndio inakolea kahawia, ikitoka nyeusi ndani ya saa moja si hina peke yake. Ila akikukorogea kimya kimya chumbani sijui kama kuna njia nyingine, wenzangu mnafanyaje?