Tupeane uzoefu: nani ana mtoto anayeweka majoka na visiwa vya angani kwenye picha za kijiji?

Mama Baraka, Ahero

Habari za jioni wenzangu. Niwape kisa changu, kisha nanyi mnipe vyenu.

Kijana wangu ana miaka 11. Likizo ya Agosti nilimwachia simu yangu ya zamani, ile iliyopasuka kioo, nikidhani atacheza mpira wa simu mpaka achoke. Kumbe anazunguka boma akipiga picha. Akapiga nyumba ya nyanyake, mwembe, mashamba ya mpunga na vilima vya Nandi kule nyuma. Halafu akamvizia mjusi kafiri ukutani, akampiga kwa karibu mpaka magamba yanahesabika. Mabawa aliyatoa kwenye mwavuli mbovu wa babake, ule uliobaki vyuma na kitambaa kilichochanika. Akavikatakata vyote ndani ya ibisPaint X, programu ya kuchora kwenye simu, akaviunganisha, na jioni moja nikaonyeshwa joka la kichwa chekundu likiruka juu ya paa letu la mabati.

Nyanyake alivaa miwani, akatazama, akauliza, "Huyu ni Omieri? Ameota mabawa lini?" Wa huku wanamjua Omieri, yule chatu wa Nyakach ambaye mwaka wa 2003 watu walifunga safari kwenda kumwona wakitarajia mvua na mavuno. Mama mkwe hakuwa anatania sana.

Kijana badala ya kufurahi akanuna. Anasema joka lake linaonekana kama stika iliyobandikwa kwenye daftari. Nami nikilitazama, kweli, kuna kitu hakikai sawa, lakini sijui ni nini. Kuna mwenye mtoto wa hivi? Mlimsaidiaje?

Fundi Picha, Kondele

Mama Baraka, nina studio mwaka wa kumi na nne huu, na kazi yangu kubwa ni kuwaweka pamoja kwenye picha moja watu ambao hawajawahi kukutana. Ugonjwa wa kijana naujua. Nijibu mawili: picha ya nyumba ilipigwa saa ngapi, na kivuli cha joka amekiweka wapi?

Mama Baraka, Ahero

Saa kumi kasoro hivi. Kivuli amekiweka chini ya tumbo lake, duara jeusi juu ya nyasi.

Fundi Picha, Kondele

Hapo hapo. Huku kwetu jua linasimama utosini kama saa saba kasoro robo, si saa sita kamili kama watu wanavyodhani. Wakati huo kivuli kiko chini ya tumbo kweli. Lakini ikifika saa kumi kasoro robo, jua limeshuka nusu ya njia, na kivuli cha kitu kinakaribia kulingana na urefu wake. Mwambie asimame uani saa hiyo apime chake kwa hatua.

Sasa joka lake liko juu kiasi gani? Tuseme mara mbili ya mwembe, na mwembe una mita 8. Basi kivuli kinaanguka kama mita 16 upande wa mashariki, kuelekea Muhoroni, maana jua liko upande wa ziwa. Huenda kikaangukia mpunga, au kikatoka nje ya picha kabisa. Asikisie: kwenye picha yenyewe kuna nguzo za ua, aangalie vivuli vyake vinalala wapi, cha joka kilale vivyo hivyo.

La pili ni ukingo. Kivuli cha nguzo ni kikali pale chini na kinafifia kuelekea ncha. Kadiri kitu kilivyo mbali na ardhi, ukingo wa kivuli unalegea, kama sentimita moja kwa kila mita ambayo mwanga unasafiri kutoka kwenye kitu mpaka ardhini. Kwa joka la mita 16, ukiupima mshazari, ukingo utalegea kama shubiri moja. Kivuli chenye ukingo wa wembe kinamfanya joka awe ametua.

Na asipake rangi nyeusi. Kivuli juu ya nyasi ni nyasi zilizoingia giza. Afungue tabaka jipya, aliweke kwenye hali ya Multiply inayotia giza kilicho chini yake bila kukificha, achukue rangi kutoka kwenye kivuli cha nyumba iliyoko pichani, kisha apunguze nguvu mpaka vivuli viwili vifanane.

Odhis wa Nyalenda

Fundi unamchosha mtoto wa watu na hesabu. Dawa ni moja: punguza ukolezi wa joka mpaka lififie kidogo, linaingia ndani ya picha lenyewe. Mimi hufanya hivyo kwenye mabango ya harambee na hakuna aliyelalamika.

Fundi Picha, Kondele

Odhis, umeshika mkia, kichwa bado. Kufifia ni kweli, vitu vya mbali hufifia. Lakini ukipunguza ukolezi, mwembe utaonekana kupitia tumbo la joka, uwe umetengeneza mzimu. Vilima vya Nandi ukiviangalia kutoka Ahero vina rangi ya samawati iliyochanganyika na moshi, na hakuna cheusi cha kweli pale. Joka likiwa karibu na vilima, libaki zito lakini lipakwe juu yake rangi hiyo ya vilima, kidogo kidogo, mpaka sehemu yake nyeusi kabisa isizidi weusi wa vilima. Likiwa juu ya paa, lisiguswe.

Odhis wa Nyalenda

Mzimu, haha. Sawa mzee. Ila mabango yangu yanauza tiketi.

Mwalimu Wekesa, Bungoma

Binti yangu yuko kwenye visiwa vya angani, majoka hayataki. Alipiga picha ya kichuguu kikubwa nyuma ya jiko, akakikata, akakigeuza juu chini ili ncha iangalie ardhi, kisha juu yake akapanda mgomba na nyumba ya nyasi. Umbo lilitoka vizuri ajabu. Lakini kila aliyekiona alisema kisiwa kinatisha, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Mimi nilikaa nacho siku mbili. Jibu ni kwamba ukigeuza kichuguu umegeuza na mwanga wake. Mashimo na matuta yaliyomulikwa kutoka juu sasa yanamulikwa kutoka chini, kama mtu anayejiwekea tochi kidevuni kuwatisha wadogo zake. Mgomba wa juu unasema jua liko mbinguni, udongo wa chini unasema liko kisimani.

Tulirudia kukipiga siku ya mawingu mazito, mwanga ukiwa umesambaa pande zote. Ilisaidia nusu. Tumbo la kisiwa linatakiwa kuwa na giza, nasi tulilipata limeng'aa sawasawa, ikabidi alipake giza kwa mkono. Bado sijaridhika. Mwenye njia nyingine aniambie.

Jakom wa Dunga

Mimi kisiwa kinachoelea nimekikalia, sijui hawa watoto wanapiga picha cha wapi. Tulitoka alfajiri na upepo wa nchi kavu, tukavua vizuri. Mchana upepo ukageuka, ukatoka ziwani kuja ufukweni kama kawaida, ukasukuma gugumaji lote mbele yetu na kuziba njia. Kisiwa kizima, na mafunjo yamesimama juu yake, na ndege, na nyoka mmoja ambaye hatukusalimiana. Injini ilinyongwa na mizizi. Tulikaa kuanzia saa tisa mpaka usiku, upepo wa nchi kavu ulipoamka tena na kulisukuma gugumaji kurudi ndani. Samaki waliharibika wote. Ndugu zangu, mkiona kijani kinasogea, rudini mapema.

Mama Baraka, Ahero

Pole sana Jakom! Sisi tunazungumzia visiwa vya kuchora kwenye simu. Lakini nimemsomea kijana ujumbe wako, na aliposikia "mizizi" akashtuka. Anauliza: gugumaji likinyanyuliwa kutoka majini, linafananaje kwa chini?

Jakom wa Dunga

Ndevu. Ndevu nyeusi ndefu zinazoning'inia, zinachuruzika maji. Juu majani ya kijani, chini ndevu. Kwani ni la kuchora?

Mwalimu Wekesa, Bungoma

Mama Baraka, mshike huyo mtoto! Hilo ni kisiwa tayari. Halihitaji kugeuzwa, kwa hiyo mwanga wake umekaa sawa tangu mwanzo.

Fundi Picha, Kondele

Naunga mkono, na niongeze: alinyanyue hapo hapo uani, saa ile ile, na jua liwe upande ule ule kama kwenye picha ya nyumba. Asilipige usiku chini ya taa. Shida atakayoipata ni ukubwa. Jani moja likionekana wazi, jicho litajua ni mmea wa kushika mkononi. Afiche majani makubwa kwa kupanda juu yake vitu vidogo: miti, ng'ombe, kibanda. Na picha asirushiwe kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa na ndevu zote zinakuwa uji. Itumwe kama faili.

Shangazi Nekesa

Mnafurahia, ila nami nina langu. Mpwa wangu alizungushia joka kwenye paa la jirani, kwa sababu tu paa lile lilikuwa jipya na linang'aa. Picha ikaenda kundi la familia, ikatoka, ikazunguka kijiji. Kwetu nyoka juu ya nyumba ya mtu si mchezo, watu wana maneno yao. Yule mama alikaa wiki mbili bila mtu kununua mboga zake. Tulikwenda na sukari kuomba radhi, akapokea sukari, lakini mpaka leo salamu zake ni fupi.

Odhis wa Nyalenda

Mtoto aandike jina lake pembeni na neno "mchoro". Basi.

Shangazi Nekesa

Aliandika. Mtu akakata pembe.

Fundi Picha, Kondele

Aandike juu ya joka lenyewe, ubavuni. Mwenye kuikata akate na joka.

Shangazi Nekesa

Labda. Mimi nimemwambia majoka yakae kwenye paa letu tu.

Mama Baraka, Ahero

Mrejesho. Tulienda na ndoo mpaka ufukweni, tukarudi na gugumaji moja. Babake alilishika juu ya kichwa kwa mti mrefu, mikono inatetemeka, maji yanamwingia shingoni, kijana anapaza sauti "bado, bado, jua halijafika". Saa kumi kasoro robo kamili akapiga.

Kisiwa sasa kinaelea juu ya mpunga, ndevu zinaning'inia, kivuli kimelala upande wa Muhoroni na ukingo wake umelegea. Juu yake ameweka kibanda na ng'ombe wetu mwekundu. Joka liko mbali karibu na vilima, na halijafifia kiasi cha kuwa mzimu. Mimi niliona kazi imekwisha.

Nyanyake akavaa miwani, akasogeza simu mbele na nyuma, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mbona kibanda kina kivuli na ng'ombe wangu hana?"

Kijana amerudi chumbani na simu. Chakula kimepoa.