Mume anasema namba yake "inasumbua", kumbe inadaiwa!

Wakuu, leo nimefika kooni.

Miezi mitatu mume wangu ananikataza kumtumia hela kwenye namba yake. "Inasumbua, tuma kwa jamaa wa bodaboda." Natuma, mjinga mimi! Juzi nikasahau, nikatuma 40,000 ya gesi moja kwa moja kwake. Karudi mikono mitupu: mara haijaingia, mara wakala hana floti. Usiku nikashika simu. Iliingia, na palepale ikakatwa 31,000. Juu yake meseji za kampuni ya kubeti: 2,000, 2,000, 5,000, nyingine saa nane usiku.

Alipokula 180,000 tulichinja kuku, mtaa mzima ukajua. Mikeka iliyochanika sijawahi kuisikia. Kodi eti mwenye nyumba kakubali tulipe mwezi ujao. Nimekutana naye dukani kwa Mangi, ananitolea macho! Ada ya mtoto eti kamkopesha mwenzake wa kazini, mama yake mgonjwa. Mama huyo nimemwombea dua wiki nzima. Hayupo!

Wakala Mstaafu: Dada, hiyo 31,000 ni mkopo wa simu uliopita muda. Hela yoyote ikigusa laini, deni linajikata lenyewe. Ndiyo maana anataka ipite kwa mwingine. Usihangaike na meseji, zinafutika. Mwambie aombe taarifa ya miamala ya miezi sita, hapo utaona na mikopo mingine.

Mzee wa Uhakika: Kosa lake anajaza timu 15. Aweke tatu za odi 1.50 tu. Hiyo si kamari, ni hesabu.

Wakala Mstaafu: Basi tuipige. Tatu za 1.50 zinazaa 3.375, kwa hiyo 2,000 inarudi 6,750. Mikeka 10 ni 20,000. Itiki mitatu ndipo arudishe zake, na kampuni imepanga odi ili kwa wastani hata hiyo mitatu isifike. Wewe umeshafika?

Mzee wa Uhakika: Mwezi huu nina bahati mbaya tu.

Mama Wawili: Mnasema waume. Mimi ndiye ninayecheza, kile kindege kinachopaa. Nilianza na 500 ya chenji. Sasa hela ya kijumbe imeingia humo, zamu ya mwenzangu ni Jumamosi, na nyumbani nimesema nimeibiwa kwenye daladala. Kila nikitaka kusema ukweli nawaza nirudishe kwanza.

Kijana wa Tandale: Mshitaki Bodi ya Michezo ya Kubahatisha wamfungie.

Wakala Mstaafu: Ni mtu mzima na hela ni yake, kufungiwa kwa kawaida mtu anaomba mwenyewe. Mama Wawili, mwambie kijumbe leo, si Jumamosi.

Mwanzisha uzi: Nimemwambia kesho tunakwenda wote duka la kampuni ya simu kuchukua hiyo taarifa ya miamala. Kaoga, kakaa kimya, sasa hivi ananiambia laini imepotea. Simu ameishika mkononi!