Hopsi za Magnum au Cascade kwa bia ya peili eli ya lita 20: zote IBU 28, nichukue ipi?

Mpishi_Kizota: Habari wakuu. Napika peili eli lita 20, uzito wa mwanzo 1.050. Kikokotoo kinanipa IBU 28 kwa Magnum gramu 20 (alfa asilimia 12), na 28 hiyohiyo kwa Cascade gramu 40 (alfa asilimia 6). Zote zinachemka dakika 60. Si nichukue ya bei nafuu tu?

Chuga_DOM: 28 ni 28 mkuu. IBU ndiyo uchungu wenyewe. Okoa hela.

Bibi_Zabibu: Samahani wanangu, hiyo 28 ni kilevi? Mvinyo wetu wa hapa Dodoma una 12 au 13 tu na unalaza mtu.

Fundi_Kimea: Shikamoo bibi. Hapana, kilevi hakimo humo. IBU 1 ni kama miligramu 1 ya asidi za alfa zilizogeuzwa na moto, asidi za uchungu za hopsi, katika lita moja ya bia. Harufu haimo pia, na hapo ndipo Chuga anapokosea.

Mpishi, ukichemsha Cascade saa nzima, mafuta yake ya harufu yanaondoka na mvuke. Harufu ya balungi unayoilipia itabaki jikoni, kwenye glasi huipati. Utabaki na uchungu, pamoja na gramu 40 za hopsi zinazonyonya bia yako chini ya sufuria. Uchungu mnunulie Magnum, gramu 20 mwanzoni. Kisha zima moto, acha ipoe hadi nyuzi 80, tia Cascade gramu 30, koroga, subiri dakika 20. Kwenye nyuzi 80 asidi zinageuka polepole, ila mafuta mengi yanabaki. Ukitaka harufu ya pasheni na embe, weka hopsi za Citra.

Na hata uchungu wenyewe, ulimi hausomi namba. Ongeza kimea cha karameli, utamu unaobaki utaufunika, na maabara bado itakuandikia 28.

Chuga_DOM: Sawa, ila mimi niliwahi kuloweka hopsi baada ya hamira kumaliza kazi, bila kuchemsha hata punje moja. Mbona bia ilitoka chungu?

Fundi_Kimea: Hizo ni humulinoni. Asidi za alfa zikipigwa na hewa zinageuka hizo, na zinayeyuka kwenye bia bila moto. Uchungu wake ni mdogo kuliko ule wa kuchemsha, lakini upo, na vikokotoo vingi havizihesabu.

Mwinuko1100: Mmesahau kitu. Dodoma tuko juu ya mita 1,100, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Asidi zinageuka taratibu kuliko pwani. Kwa makadirio yangu hiyo 28 yako huenda ni 22. Mimi natia Magnum gramu 25.

Fundi_Kimea: Hoja ya moto naikubali. Gramu 25 bado nasita, maana maji ya visima vyetu yana chumvi, na salfeti ikizidi uchungu unakuwa mkali mdomoni. Mpishi, unatumia maji gani?

Mpishi_Kizota: Ya kisima cha jirani. Sijawahi kuyapima.